Kabla Akaunti Haijaungua

Kwenye MetaTrader, chini ya orodha ya biashara zilizo wazi, kuna mstari ambao wengi wanaofanya foreksi huukumbuka pale tu unapogeuka mwekundu. Una salio, Equity, Margin na asilimia iitwayo Margin Level. Asilimia hiyo ndiyo broka anayoifuata anapokufungia biashara bila kukuuliza.

Equity ni salio lako baada ya kuingiza faida au hasara ya biashara ambazo hujazifunga. Margin ni dhamana, yaani sehemu ya fedha zako iliyozuiwa kwa sababu umeshika biashara kubwa kuliko mfuko wako. Gawanya Equity kwa Margin, zidisha kwa 100, umepata Margin Level.

Tuseme akaunti ina dola 500 na uwiano wa mkopo ni 1:100. Broka ameweka Margin Call kwenye asilimia 100 na Stop Out kwenye 50. Mwenye akaunti ananunua loti 0.20 za yuro kwa bei ya 1.1000. Hizo ni yuro 20,000, sawa na dola 22,000, kwa hiyo dhamana ni dola 220 na Margin Level inaanza kwenye 227. Bei ikishuka pipu moja, yaani 0.0001, anapoteza dola 2.

Onyo la broka litatokea Equity ikifika dola 220, bei ikiwa imeshuka pipu 140. Ikishuka pipu 195, Equity ni dola 110 na mfumo unaanza kufunga, ukianzia na biashara yenye hasara kubwa zaidi. Kati ya onyo na kufungiwa kuna pipu 55 tu. Takwimu za ajira za Marekani zikitoka Ijumaa, yuro inaweza kuzimaliza kabla hujatoa simu mfukoni.

Asilimia hii pia inadanganya. Biashara ileile kwenye akaunti ya 1:500 inahitaji dhamana ya dola 44, na Margin Level inasomeka 1136. Inaonekana salama sana, lakini hasara kwa kila pipu ni ileile, na Stop Out itakuja zikiwa zimebaki dola 22. Kwa maoni yangu, cha kufuatilia ni umbali uliobaki kwa pipu: toa kiwango cha Stop Out cha dhamana kwenye Equity, kisha gawanya kwa thamani ya pipu moja.

Kwa akaunti yetu ya 1:100, ningeweka kengele kwenye asilimia 150. Hapo Equity ni dola 330 na zimebaki pipu 110 kabla ya kufungiwa. MetaTrader 5 inaweza kukutumia ujumbe kwenye simu kwa mistari hii michache:

```
static bool imetumwa = false;
double ml = AccountInfoDouble(ACCOUNT_MARGIN_LEVEL);
if(ml > 0 && ml < 150 && !imetumwa)
   imetumwa = SendNotification("Margin Level " + DoubleToString(ml, 1));
```

Sharti la `ml > 0` lina kazi yake: usipokuwa na biashara wazi, mfumo husoma sifuri, na bila sharti hilo kengele italia bure. Iweke ndani ya `OnTimer`, isisubiri bei ya chati moja ibadilike. Na kompyuta inayoiendesha iwe imewaka, kwani umeme ukikatika na kengele imekatika.

Hata kengele nzuri haifuati bei inayoruka. Tarehe 15 Januari 2015, saa 6:30 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, benki kuu ya Uswisi iliacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro. Yuro iliporomoka ndani ya dakika chache. Stop Out ilifunga kwa bei iliyopatikana, si kwa bei iliyotarajiwa, na akaunti nyingi zikaishia chini ya sifuri. Alpari ya Uingereza ikafilisika.

Siku za kawaida, kengele ikilia wengi hukimbilia kuongeza fedha. Kwenye mfano wetu, dola 110 za ziada zitasogeza umbali kutoka pipu 110 hadi 165. Kufunga nusu ya biashara, bila kuongeza hata senti, kunashusha dhamana hadi dola 110 na hasara ya kila pipu hadi dola 1. Umbali unakuwa pipu 275. Hasara ya nusu iliyofungwa, dola 85, haitarudi hata bei ikipanda tena, na hapo ndipo wengi hushindwa kubonyeza.