Barua pepe ya kuomba muda baada ya mashine ya maabara kuharibu vipimo

Mwanafunzi anayemwandikia mwalimu wa maabara kuwa mashine imemharibia kazi anajibu swali ambalo bado hajaulizwa: amejuaje kuwa kosa ni la mashine? Nguvu ya ombi lake iko katika jibu hilo, na jibu hutoka kwenye daftari la maabara.

Mfano mzuri ni spektrofotomita, mashine inayopima kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na mmumunyo. Tuseme mwanafunzi wa kemia anatafuta ukolezi wa pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau, kwa mwanga wa nanomita 525. Huanza kwa kuweka maji matupu kwenye kichupa cha kupimia na kuiamuru mashine isome 0.000. Kisha hupima mimumunyo minne ambayo ukolezi wake unajulikana, achore mstari, na kwa mstari huo asome ukolezi wa sampuli asiyoijua.

Spektrofotomita nyingi za kufundishia zina njia moja tu ya mwanga. Mashine hukumbuka mwanga uliopita kwenye maji mwanzoni, na kila kipimo kinachofuata hulinganishwa na kumbukumbu hiyo. Taa ikififia katikati ya kazi, mashine haina namna ya kujua. Huuhesabu mwanga uliopungua kuwa umefyonzwa na sampuli. Namba zinapanda, na skrini haioneshi dalili yoyote ya hitilafu.

Hila hiyo hufichuliwa kwa kuyarudisha maji yale yale mwishoni. Yakisoma 0.060 badala ya 0.000, asilimia 13 hivi ya mwanga imepotea njiani. Mmumunyo wa pili, uliosoma 0.47 mwanzoni, sasa unasoma 0.53. Ongezeko ni lile lile kwenye maji na kwenye rangi, kwa hiyo mmumunyo wenyewe haukubadilika. Kichupa chenye alama za vidole nacho hupandisha namba, ila kikifutwa vizuri namba hushuka. Taa mbovu haijali kitambaa.

Liko jambo moja linaloweza kuligeuza kosa kuwa la mwanafunzi. Taa huhitaji kupata moto kabla ya kutumika, na mashine nyingi huhitaji dakika 15 hadi 30. Aliyekurupuka kupima mara tu baada ya kuwasha swichi ataona namba zinayumba vivyo hivyo. Ndiyo maana saa ya kuwasha mashine inapaswa kutajwa, hata kama haikuulizwa. Barua inayotosha inaweza kusomeka hivi:

«Shikamoo Mwalimu. Naomba kuongezewa muda wa ripoti ya zoezi la 4, inayotakiwa Ijumaa. Jumanne niliwasha spektrofotomita ya meza ya 3 saa 8:00 mchana na kuanza kupima saa 8:30. Saa 9:20 niliyarudia maji, yakasoma 0.060, mmumunyo wa pili ulitoka 0.47 hadi 0.53. Nilisafisha vichupa na kurudia, namba hazikushuka. Fundi wa maabara aliona na kuandika hitilafu hiyo kwenye kitabu cha mashine. Uzani na ujazo wote ni salama. Naomba saa 2 za maabara kwenye mashine nyingine, na kuwasilisha ripoti siku 3 baada ya hapo. Nimeambatisha picha ya kurasa za daftari.»

Kwenye mstari wa mada huandikwa namba ya somo, zoezi na kundi, kwa sababu mwalimu huyo huenda ana makundi kadhaa kwa wiki. Mwenzake wa kundi hutumiwa nakala, asije naye akaandika hadithi tofauti.

Saa mbili katika ombi hilo hazikuokotwa hewani. Pamanganeti iliyozimuliwa haikai. Huoza polepole, hasa mwangani, na kuacha chembe za kahawia. Mimumunyo ya Jumanne haifai kupimwa wiki ijayo, hivyo muda wa kutengeneza mipya lazima uhesabiwe. Anayeomba «muda kidogo» tu humwachia mwalimu hesabu hiyo.

Mwalimu anaweza kukataa kwa hoja ya haki kabisa. Kama taa ilififia polepole na kila kipimo kina saa yake, kosa linaweza kukadiriwa na kutolewa, na ripoti ikaandikwa kwa namba zilizorekebishwa. Kama mwanga uliruka ghafla, hakuna ajuaye ni vipimo vipi viliguswa, na hapo kurudia ndiyo njia pekee. Kwa hiyo vipimo vibaya havifutwi daftarini: hupigwa mstari mmoja, vikabaki vinasomeka, na sababu ikaandikwa pembeni.

Barua hutumwa siku ile ile mashine ilipoharibika, si usiku wa kuamkia Ijumaa. Ijumaa ikifika bila majibu, mwanafunzi huwasilisha alichonacho, pamoja na maelezo ya taa na makadirio ya ukubwa wa kosa lake.