Ngazi ya Witara, Ngazi ya Shufwa

Ubao wa nne-mfululizo una safu wima 7 zenye ngazi 6. Tuseme aliyeanza ana vete tatu, na ya nne inahitajika ngazi ya 3 ya safu ya mwisho, iliyo tupu. Hakuna anayetaka kuigusa, lakini safu nyingine zikijaa, vete 36 zimeshachezwa na zamu ni yake. Anaweka ngazi ya 1. Mpinzani, hana budi, anaweka ya 2. Yeye anashinda kwenye ya 3.

Pengo lingekuwa ngazi ya 2, mpinzani angeliziba. Ndiyo maana anayeanza hutafuta matishio ya witara, wa pili ya shufwa. Ila mpinzani akiwa na tishio la witara kwenye safu nyingine, hesabu huvurugika.