Raundi Tatu, Raundi Tisa: Namna ya Kuupata Mwendo wa Tempo

Siku ya tempo ndiyo siku ya mazoezi inayoharibiwa zaidi na wakimbiaji wa mitaani. Kocha anawaambia wakimbie kwa nguvu lakini wasijiue, na kila mmoja anaelewa anavyoelewa. Mwenye damu changa anaondoka kama anafukuzwa, wenzake wanamfuata, na baada ya dakika kumi nusu ya kundi linatembea. Lengo la tempo ni kukaa muda mrefu karibu na mpaka wa uwezo wako bila kuuvuka, na mpaka huo kila mtu ana wake. Kuupata hakuhitaji maabara wala kutoboa kidole kupima damu. Kunahitaji uwanja wa mita 400, saa, majaribio mawili ya nguvu zote na hesabu ya kutoa ya darasa la nne.

Mpaka wenyewe tuuite kasi ya mpaka. Ukikimbia chini yake, hata kama unatweta, mwili unapata utulivu: oksijeni unayotumia inapanda kisha inatulia, na lakteti kwenye damu inafanya vivyo hivyo. Ukiuvuka, hata kidogo, hakuna kinachotulia. Matumizi ya oksijeni yanazidi kupanda polepole hadi yagonge dari, lakteti inaongezeka, na kuanzia hapo kusimama ni suala la dakika tu. Mwaka 1988 David Poole na wenzake waliwapandisha wanaume wanane kwenye baiskeli za maabara. Walipokanyaga kwa nguvu ya mpaka, waliweza kwenda dakika 24 oksijeni ikiwa imetulia. Walipoongezewa mzigo kidogo tu, oksijeni ilipanda mpaka kiwango chao cha juu kabisa, wakachoka kabla ya muda huo kwisha.

Juu ya mpaka, basi, unaishi kwa akiba. Jambo zuri kuhusu akiba hiyo ni kwamba inapimika kwa mita. Wafaransa Monod na Scherrer walilionyesha hilo mwaka 1965 kwa misuli, na mwaka 1984 Hughson na wenzake wakalionyesha kwa watu wanaokimbia: ukichora umbali mtu aliokimbia kwa nguvu zote dhidi ya muda aliotumia, nukta zinajipanga kwenye mstari ulionyooka. Mwinuko wa mstari ule ndio kasi ya mpaka. Mahali mstari unapoanzia, juu kidogo ya sifuri, ndipo pana akiba: mita kadhaa ambazo mwili unaweza kukupa zaidi ya zile unazozilipia kwa pumzi. Ukiimaliza polepole au haraka, kiasi ni kilekile.

Hapo ndipo kutoa kunapoingia. Mtu akikimbia mita 1,200 mpaka mwisho wa nguvu zake, ametumia akiba yote. Akikimbia mita 3,600 siku nyingine, pia mpaka mwisho, ametumia akiba ileile yote. Ukitoa jaribio fupi kwenye refu, akiba inajifuta yenyewe, na kinachobaki ni mita 2,400 zilizokimbiwa kwa kasi ya mpaka peke yake.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa Arusha anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi, akijipima kwenye uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Raundi tatu, yaani mita 1,200, anazimaliza kwa dakika 4 na sekunde 48. Raundi tisa, mita 3,600, anazimaliza kwa dakika 15 na sekunde 48. Tofauti ni raundi sita na dakika 11 kamili, ambazo ni sekunde 660. Gawanya kwa sita: sekunde 110 kila raundi. Ndiyo kasi yake ya mpaka, sawa na dakika 4 na sekunde 35 kwa kilomita. Kwa sekunde 288 alizotumia kwenye jaribio fupi, kasi hiyo ingemfikisha mita 1,047 tu. Alifika 1,200. Akiba yake, basi, ni mita 153.

Kabla hujaiona akiba hiyo kuwa ndogo, fanya hesabu ileile kwa Eliud Kipchoge. Muda wake bora wa mita 3,000 ni 7:27.66, alioukimbia Doha mwaka 2011, na wa mita 5,000 ni 12:46.53, wa Roma mwaka 2004. Miaka saba kati ya mbio mbili ni mingi mno kwa hesabu ya makini, lakini picha inatoka: mita 2,000 za tofauti kwa sekunde 318.87, yaani dakika 2 na sekunde 39 kwa kilomita. Akiba inayobaki ni kama mita 192. Mita arobaini hivi zaidi ya mwanamke wetu wa Arusha! Kinachowatenganisha karibu chote kiko kwenye kasi ya mpaka, na ndiyo maana mkimbiaji wa mbio ndefu anapaswa kuishughulikia hiyo kwanza.

Umbali wa 1,200 na 3,600 haukuchaguliwa kwa bahati. Jaribio fupi linapaswa kuchukua angalau dakika mbili au tatu, la sivyo mwili hauwahi kuamsha pumzi yote na hesabu inapinda. Refu lisizidi sana dakika 15, kwa sababu baada ya hapo uchovu wa aina nyingine unaingia, wa joto, wa sukari ya mwilini, hata wa kukata tamaa, na mstari unaanza kuinama. Mtu anayehitaji dakika 20 kwa raundi tisa apunguze raundi ziwe saba, au sita, hesabu haibadiliki. Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, kilichapisha mwaka 2014 utafiti wa majaribio ya namna hii yakifanywa siku moja, kwa kupumzika nusu saa katikati, na yakafanya kazi. Mimi bado ningemshauri asiye mzoefu ayatenge kwa siku mbili au tatu, saa ileile ya siku, kwenye uwanja uleule. Nusu saa inamtosha mtu anayejua kujikamua mara mbili. Wengi wetu tunaijua mara moja tu.

Sharti moja halina mjadala: majaribio yote mawili yawe ya nguvu zote. Na hapa kuna mtego ambao makocha wengi hawauoni. Akizembea kwenye jaribio refu, hesabu inamwambia ni mzito kuliko alivyo. Akizembea kwenye fupi, inamwambia ni mwepesi kuliko alivyo. Tuseme mwanamke wetu alijihurumia kwenye raundi tatu akapoteza sekunde sita, akamaliza kwa 4:54. Tofauti inashuka hadi sekunde 654, na kila raundi inakuwa sekunde 109. Amefanya vibaya, lakini karatasi inampandisha daraja! Tempo yake itapangwa juu ya mpaka usio wake, na atashangaa kwa nini kila wiki anachoka.

Dawa ni kuiangalia akiba. Kwa uzembe ule wa jaribio fupi, akiba inashuka kutoka mita 153 hadi 121. Kama angeharibu jaribio refu, kwa kuondoka kwa pupa na kupoteza sekunde 20 mwishoni, akiba ingevimba hadi mita 184 na raundi ingekuwa sekunde 113. Wakimbiaji wengi huangukia kati ya mita 100 na 300. Ukiona mita 40, rudia jaribio fupi. Ukiona 350, rudia refu. Andika pia muda wa kila raundi: raundi ya kwanza ikiwa sekunde kumi mbele ya zilizofuata, jaribio hilo limekwisha kabla halijaanza. Ukitaka uhakika zaidi, ongeza jaribio la tatu la raundi sita. Nukta mbili daima zitatoa mstari ulionyooka, hata zikiwa za uongo. Ya tatu ndiyo inayoweza kuzikosoa.

Kwa sababu hiyohiyo majaribio yasikaribiane. Kosa la sekunde sita likigawanywa kwa raundi sita ni sekunde moja kwa raundi, na mtu anaweza kuishi nalo. Angekimbia 1,200 na 2,000, tofauti ingekuwa raundi mbili tu, na kosa lilelile lingempotosha sekunde tatu kila raundi.

Sasa tempo yenyewe. Wengi wakishapata ile sekunde 110 huenda kuikimbia palepale, na hilo silikubali. Kipimo kina kosa lake la asilimia kadhaa, na mpaka huu hausamehi: kuukosea kwa upande wa chini kunakugharimu kidogo sana, kuukosea kwa upande wa juu kunageuza tempo kuwa mashindano. Shuka asilimia tatu hadi tano. Kwa mwanamke wetu ni sekunde 113 hadi 116 kwa raundi, karibu dakika 4:43 hadi 4:50 kwa kilomita. Kwa mwendo huo anaweza kukimbia raundi nne nne mara tano, kila seti kwa dakika 7:32 hadi 7:44, akipumzika dakika moja, au dakika 20 hadi 25 mfululizo. Mwendo ukiwa sahihi, pumzi ya seti ya nne inafanana na ya pili, na bado anaweza kumjibu mwenzake kwa maneno matatu manne. Pumzi ikizidi kukaza seti baada ya seti ilhali saa inasoma vilevile, amevuka, hata kama hesabu inasema hajavuka. Hapo mwili ndio unaosema kweli.

Namba hii ina mahali pake na hali yake ya hewa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyejipima kule akishuka Dar es Salaam atapata hewa nzito zaidi pamoja na joto la kumla nguvu, kwa hiyo ajipime upya. Wala isitumike kutabiri mbio ndefu. Ukiuamini mstari bila kufikiri, utamwahidi mwanamke wetu nusu marathoni kwa saa 1 na dakika 36. Hataipata. Kasi ya mpaka haidumu saa nzima na zaidi, na akiianza Moshi kwa mwendo huo, vilima vya njiani vitamwonyesha mapema.

Baada ya wiki nane anarudia majaribio. Raundi tatu sasa ni 4:46, sekunde mbili tu pungufu. Angetazama hizo peke yake angesema mazoezi hayajafanya kitu. Raundi tisa ni 15:34. Tofauti ni sekunde 648, kila raundi sekunde 108, kilomita kwa dakika 4 na nusu kamili. Akiba imeshuka kidogo hadi mita 141, tofauti ndogo kuliko kosa la kipimo, hivyo haina la kumtisha. Kuanzia Jumanne ijayo raundi zake za tempo ni sekunde 111 hadi 113.