Kete za Post na swali la utata wa sarufi

"Nimemwona mtoto wa mwalimu mwenye baiskeli." Nani mwenye baiskeli, mtoto au mwalimu? Tungesema "kitabu cha mwalimu chenye picha", ngeli ingekata shauri. Lakini mtoto na mwalimu ni wa ngeli moja, kwa hiyo sentensi inaweza kujengwa kwa njia mbili na kubeba maana mbili. Huo ndio utata.

Anayetunga lugha ya kompyuta hautaki utata huo, kwa kuwa kompyuta haimuulizi mtu alikusudia nini. Je, inawezekana kuandika programu moja itakayosoma sarufi yoyote na kujibu kama ina utata au haina? Mwaka 1962 David Cantor na Robert Floyd, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kuwa haiwezekani. Njia fupi ya kuliona jambo hilo hupitia fumbo lililotolewa mwaka 1946 na Emil Post, mwanahisabati wa New York.

Chukua kete zinazofanana na za dhumna, ila badala ya nukta zina herufi juu na chini. Kete ya 1 ina *ka* juu na *kaka* chini. Kete ya 2 ina *kata* juu na *ta* chini. Unaruhusiwa kurudia kete yoyote mara upendavyo, lakini huruhusiwi kuipindua. Kazi yako ni kuzipanga ili mstari wa juu na wa chini usomeke sawasawa. Hapa jibu ni jepesi: kete ya 1, kisha ya 2. Juu tunapata *ka-kata*, chini *kaka-ta*; yote mawili ni *kakata*.

Wepesi huo usikudanganye. Kuna kete tatu tu, 100 juu ya 1, 0 juu ya 100, na 1 juu ya 00, ambazo mpangilio wake mfupi kabisa unaofaulu una kete 75. Tena kete zinaweza kutungwa zifuate hatua za programu yoyote: mstari wa chini hutangulia hatua moja, wa juu huufukuzia, na miwili hukutana iwapo tu programu hiyo itafika mwisho. Tangu kazi ya Alan Turing ya mwaka 1936 tunajua kwamba hakuna njia moja ya kutabiri kama programu yoyote ile itasimama. Basi hakuna pia njia moja ya kujua kama kete zozote zina jibu.

Sasa tuzigeuze kete zetu mbili ziwe sarufi. A inaandika maneno ya juu, B ya chini, na kila neno linaacha namba ya kete yake upande wa kulia. Alama ya mkato wima inamaanisha "au".

```
S → A | B
A → ka A 1 | kata A 2 | ka 1 | kata 2
B → kaka B 1 | ta B 2 | kaka 1 | ta 2
```

Anza na A: `ka A 1`, halafu badala ya A ya ndani weka `kata 2`. Unapata `kakata21`. Anza na B: `kaka B 1`, kisha `ta 2`. Unapata `kakata21` ileile. Tungo moja, njia mbili: sarufi ina utata.

Ukibaki ndani ya A peke yake, utata hauwezi kutokea, kwani namba za mwishoni, zikisomwa kutoka kulia, zinataja kanuni zilizotumika kwa mpangilio. Ndani ya B ni vivyo hivyo. Utata hutokea pale tu A na B zinapotoa herufi zilezile kwa namba zilezile, na hilo ndilo jibu la fumbo la Post. Kwa hiyo anayedai kuwa na programu ya kupima utata wa kila sarufi angekuwa pia na programu ya kufumbua kete zote, nayo haipo.

Ugumu una mipaka yake. Kete zikiwa za aina mbili tu, njia ya uhakika ipo. Zikiwa tano, imethibitishwa kuwa haipo. Tena kosa liko upande mmoja: sarufi yenye utata itanaswa siku moja ukijaribu tungo zote kuanzia fupi. Isiyo na utata ndiyo itakayokuacha unasubiri bila kujua kama usubiri zaidi.

Ndiyo maana zana kama Bison, zinazotengeneza visomaji vya lugha za kompyuta, hazijaribu kujibu swali lenyewe. Hukagua sharti kali zaidi, na sarufi ikishindwa kulitimiza hutoa onyo la `conflict`. Sarufi isiyopata onyo haina utata. Iliyopata onyo huenda ikawa salama vilevile, na hapo mtunzi hukaa na kalamu yake, akiichambua kanuni moja baada ya nyingine.