Simu Mbili, Wanafunzi Sitini na Kasi ya Sauti

Chukua darasa la Fizikia la sekondari ya kata lenye wanafunzi 60. Kompyuta hakuna, na umeme ukikatika asubuhi huenda usirudi hadi jioni. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo vifaa vyote ni simu ya mwalimu na nyingine aliyoazima kwa mwenzake. Mada ni sauti: darasa lipime lenyewe kasi yake hewani.

Maandalio mengi ya somo yanayoitwa ya kidijitali humtaka mwalimu aonyeshe video. Simu moja mbele ya watu 60 ni sinema ya waliokaa dawati la kwanza tu. Ukiitumia simu kama kipimo, kama mizani au kipimajoto, watoto hawana haja ya kukitazama kioo chake. Wanahitaji namba moja tu kutoka kwake, na namba hiyo huandikwa ubaoni.

Programu inayofanya kazi hii inaitwa phyphox. Ni ya bure, ilitolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, na ikishaingia kwenye simu haidai intaneti tena. Ndani yake mna kipengele kiitwacho Acoustic stopwatch, yaani stopwochi inayosikia: kishindo cha kwanza huianzisha, cha pili huisimamisha.

Simu A na simu B huwekwa juu ya stuli mbili, mita 5 kati yao, zimepimwa kwa futi kamba. Nyuma ya kila simu husimama mwanafunzi mwenye vipande viwili vya mbao. Wa A anagonga. Simu A inaanza kuhesabu papo hapo, lakini B inachelewa kidogo, maana sauti inabidi kwanza isafiri zile mita 5. Baada ya sekunde moja au mbili, wa B naye anagonga. Sasa B ndiyo inayosimama papo hapo, na A inachelewa kusimama kwa muda uleule. A imechelewa kumaliza na B imechelewa kuanza, kwa hiyo A itaonyesha muda mrefu zaidi, na tofauti yao ni muda wa sauti kusafiri mita 5 mara mbili.

```
v = 2d / (tA − tB)
```

Tuseme A imesoma sekunde 1.512 na B 1.483. Tofauti ni 0.029. Mita 10 ukizigawa kwa 0.029 unapata takriban mita 345 kwa sekunde. Hakuna haja ya saa za simu hizo kulingana, wala za kuwa za aina moja, kwa sababu kila moja inapima muda wake yenyewe. Hata simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafaa, mradi maikrofoni yake ni nzima.

Andalio langu lingekuwa la vipindi viwili vilivyounganishwa, dakika 80. Dakika 15 za mwanzo simu hazitoki mfukoni. Wanafunzi wanakaa katika makundi kumi ya watu sita, na kila kundi linaandika makisio: sauti hutumia muda gani kuvuka mita 5, na je, mtu mwenye stopwochi ya mkononi angeweza kuupima? Jibu la swali la pili ni muhimu. Mtu huchukua kama moja ya tano ya sekunde kusikia na kubonyeza, ilhali sauti imevuka kwa takriban sekunde 0.015. Mwanafunzi akishaliona hilo, anajua kwa nini kipimo kinahitajika.

Kisha wote wanatoka nje chini ya mti. Makundi yanapokezana, dakika tatu kila moja: wawili wanagonga, wawili wanasoma simu, mmoja anaandika, na mmoja anaangalia mahali walipo wagongaji. Kundi lililomaliza linakaa pembeni kukokotoa. Nusu saa ikipita, namba kumi zinapaswa kuwa zimepatikana. Muda uliobaki ni wa kurudi darasani, kuziandika zote ubaoni na kuzihoji, na hapo ndipo penye somo lenyewe.

Namba hizo hazitafanana. Kosa la sekunde 0.001 tu katika tofauti yetu ya 0.029 linashusha jibu hadi 333 au kulipandisha hadi 357. Kwa hiyo 338 na 352 zote ni majibu mazuri. Ukiongeza umbali hadi mita 10 kosa linapungua kwa nusu, ila mgongo unafika ukiwa dhaifu na simu inaweza isiusikie.

Jibu la 400 na zaidi lina habari yake. Mara nyingi mgongaji amesimama kati ya simu mbili badala ya nyuma ya yake, na hivyo amefupisha njia. Ndiyo maana nikaweka mtu wa kuangalia. Simu ikijisimamisha chini ya nusu sekunde, imesikia mwangwi au mlio wa mgongo uleule. Ongeza Minimum delay hadi 0.5. Ikijianzisha kabla hujagonga, ni upepo au kelele za darasa jirani; pandisha Threshold kidogo kidogo mpaka itulie. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha tu. Hakuna mpangilio utakaokusaidia.

Walio Dar es Salaam na walio Njombe wasitarajie jibu moja. Kasi ya sauti hewani ni takriban 331, ukijumlisha 0.6 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Asubuhi ya nyuzi 15 inatoa 340. Mchana wa nyuzi 31 unatoa karibu 350. Kipimajoto cha maabara kikining'inizwa mtini, kila kundi linaweza kulinganisha jibu lake na la kanuni hiyo.

Umeme ni suala la jana yake. Simu mbili zilizojaa usiku zinatosha kwa somo hili na kubaki na chaji, hasa mwanga wa kioo ukipunguzwa na mtandao ukizimwa. Kuzima mtandao kuna faida nyingine: simu haitaita katikati ya kipimo. Pawabenki ya 10,000 mAh huijaza simu ya 5,000 mara moja na nusu hivi, si mara mbili kama karatasi ya dukani inavyodokeza, kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea njiani kama joto.

Na kama umeme haukurudi usiku kucha? Andalio liwe na ukurasa wa pili. Pima mita 80 kutoka ukuta mpana wa jengo. Mwanafunzi agonge mbao, asikilize mwangwi, kisha aendelee kugonga kwa mwendo ambao kila mgongo unaangukia juu ya mwangwi wa uliotangulia. Mwenzake mwenye saa ya mkononi yenye stopwochi anaanza kuhesabu kwa "sifuri", si "moja", hadi arobaini. Kila hatua ni mita 160 za kwenda na kurudi, kwa hiyo arobaini ni mita 6,400. Zikitumika sekunde 18.5, kasi ni 346. Akianzia "moja" atapata vipande 39 huku akidhani ni 40, na jibu litaruka hadi 355.