Pesa ya Kampuni, Deni la Mkurugenzi

Mkurugenzi wa kampuni ndogo akihamisha pesa kutoka akaunti ya kampuni kwenda akaunti yake, benki haimuulizi anazipeleka wapi. Sahihi ni yake na namba ya siri anaijua mwenyewe. Maswali huja baadaye, wakati mhasibu anafunga vitabu vya mwaka na kukuta mstari mmoja kwenye taarifa ya benki usio na risiti wala maelezo. Pesa hiyo ilikuwa nini? Kama jibu ni mkopo, lazima iwepo karatasi inayosema hivyo, na karatasi yenyewe iwe imeandikwa wakati pesa inatoka, si siku mkaguzi alipoiulizia.

Wenye kampuni wengi hukwama hapa kwa sababu wanaiona kampuni kuwa ni wao wenyewe. Sheria haiioni hivyo. Tangu mwaka 1897, Baraza la Mabwana la Uingereza lilipoamua kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London aliyekuwa na karibu hisa zote za kampuni yake, msimamo umekuwa kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Kenya iliurithi msimamo huo, na Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 imejengwa juu yake. Pesa ya kampuni ni ya kampuni hata kama hisa zote ziko mikononi mwa mtu mmoja. Anayeichukua ama amelipwa, ama amegawiwa faida, ama amekopeshwa, ama amerudishiwa chake. Isipokuwa mojawapo ya hayo, amechukua kisicho chake.

Tuchukue kampuni ya mfano. Inauza vifaa vya ujenzi Mombasa. Mkurugenzi ana asilimia 70 ya hisa na dada yake ana 30. Tarehe 3 Machi 2025 mkurugenzi anahamisha shilingi 1,200,000 ili amalizie paa la nyumba yake.

Kabla ya kuandika lolote, mhasibu mzuri hufungua kwanza akaunti ya mkurugenzi vitabuni. Hiyo si akaunti ya benki. Ni ukurasa unaoonyesha alichoweka na alichotoa tangu kampuni ianze. Huko anakuta kwamba mwaka uliopita mkurugenzi alitoa 300,000 mfukoni mwake kununua mzigo wa saruji, na kampuni haijamrudishia. Basi katika zile 1,200,000, kuna 300,000 ambazo ni zake mwenyewe zinamrudia. Mkopo ni 900,000 tu. Nimeona hati za deni zilizoandikwa kwa kiasi chote kilichohamishwa kwa kuwa hakuna aliyepekua nyuma, na mtu akajifunga kulipa deni ambalo sehemu yake kampuni ndiyo iliyokuwa ikidaiwa.

Sasa hati yenyewe. Haihitaji maneno mazito ya wakili. Inaweza kusomeka hivi:

"Mimi, mkurugenzi wa kampuni hii, nimepokea shilingi 900,000 kutoka akaunti ya kampuni tarehe 3 Machi 2025, zikiwa sehemu ya uhamisho wa shilingi 1,200,000 wa siku hiyo. Shilingi 300,000 zilizobaki ni marejesho ya pesa nilizoikopesha kampuni. Hizi 900,000 ni mkopo. Si mshahara wala gawio. Nitazirejesha kwa awamu 12 za shilingi 75,000, tarehe 5 ya kila mwezi, kuanzia Aprili 2025, kwenye akaunti hiyohiyo ya kampuni. Nitalipa riba ya asilimia 8 kwa mwaka juu ya salio. Nikichelewesha awamu kwa zaidi ya siku 30, kampuni inaweza kudai salio lote kwa mara moja. Nikiacha ukurugenzi au nikifariki, deni linabaki na litalipwa na mali yangu."

Chini yake kuna tarehe, sahihi ya mkurugenzi, na sahihi ya mtu mwingine kwa niaba ya kampuni. Hapo kwenye sahihi ya pili ndipo hati nyingi huharibika. Mtu hawezi kuwa mkopaji na mkopeshaji kwa kalamu moja halafu akategemea kuaminiwa. Katika kampuni yetu, dada ndiye anayefaa kusaini. Tena sahihi yake peke yake haitoshi, kwa kuwa Sheria ya Kampuni ya Kenya inataka mkopo kwa mkurugenzi uidhinishwe kwa azimio la wanahisa, na wanahisa wawe wamepewa maelezo ya maandishi kuhusu kiasi, sababu na mzigo utakaoiangukia kampuni. Mkopo uliotolewa bila idhini hiyo kampuni inaweza kuubatilisha na kudai pesa yake. Kwa hiyo hati inaandamana na karatasi ya pili, azimio lililosainiwa, na zote mbili zinakaa kwenye faili la kumbukumbu za vikao. Aliye mkurugenzi na mwanahisa peke yake naye aandike uamuzi wake na kuuweka humo humo, kwa sababu siku ikifika ya kuulizwa hatakuwa na shahidi mwingine.

Dada anapata nini katika haya yote? Anapata zaidi ya heshima ya kuulizwa. Tuseme zile 900,000 zingehesabiwa kuwa gawio. Gawio hulipwa kwa kila mwenye hisa kulingana na hisa zake. Kama asilimia 70 imepata 900,000, basi asilimia 30 inastahili karibu 385,700. Kaka asiyeandika hati amechukua kitu kinachofanana na faida bila kumgawia mwenzake, na familia nyingi za biashara zimevunjika kwa mfarakano uliokuwa na hesabu kama hii ndani yake. Hati inamhakikishia dada kwamba pesa itarudi kwenye chungu ambacho naye ana fungu lake.

Msomaji mwingine wa hati ni Mamlaka ya Ushuru, KRA. Akikuta pesa imetoka kwenda kwa mkurugenzi bila ushahidi wa deni, afisa ana njia mbili za kuitazama. Anaweza kusema ni mshahara, na kodi ya mshahara Kenya hupanda hadi asilimia 35 kwa kipato cha juu. Au anaweza kusema ni gawio, ambalo kwa mkazi hukatwa asilimia 5, na sheria ya kodi inatambua kwamba mali ya kampuni inayopewa mwanahisa inaweza kuhesabiwa gawio hata kama kampuni haijatangaza lolote. Mkopo wa kweli haumo katika makundi hayo, kwa sababu anayedaiwa hajatajirika. Alichokipata leo anacho kama deni.

Hata hivyo mkopo wa mkurugenzi una kodi yake, na wengi huijua wakiwa wamechelewa. Kifungu cha 12B cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinatoza kodi pale kampuni inapomkopesha mkurugenzi au mfanyakazi kwa riba iliyo chini ya riba ya soko. KRA hutangaza riba hiyo kila robo mwaka. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, ni asilimia 12. Kama kaka angekopa bila riba, nafuu aliyopewa katika mwezi wa kwanza ni asilimia 12 ya 900,000 kugawanya kwa miezi 12, yaani 9,000. Kodi ni asilimia 30 ya hizo, shilingi 2,700. Akilipa riba ya asilimia 8 kama hati inavyosema, nafuu inabaki ya asilimia 4, nayo ni 3,000 kwa mwezi, na kodi inashuka hadi 900. Kadiri salio linavyopungua, kodi inapungua nalo. Anayeilipa ni kampuni, hata mwaka ambao haikupata faida. Na ile riba ya kaka, shilingi 6,000 mwezi wa kwanza, ni mapato ya kampuni na yanaingia kwenye hesabu zake za kodi.

Ndiyo maana sipendi hati zinazokaa kimya kuhusu riba. Ukimya haufuti kodi. Unamwachia mhasibu abahatishe kile ambacho wenye kampuni walipaswa kukiamua.

Lakini karatasi nzuri kuliko zote haisaidii kama pesa hairudi. Mkaguzi wa hesabu haanzi na hati. Anaanza na taarifa ya benki, anatafuta 75,000 za tarehe 5 Aprili, kisha za Mei, kisha za Juni. Asipoziona, hati mbele yake inaanza kufanana na kisingizio. Kuna dalili nyingine anazozijua: deni linalolipwa lote siku ya mwisho ya mwaka wa hesabu na kuchukuliwa upya wiki inayofuata, hati yenye tarehe ya Machi inayotaja jambo lililotokea Septemba, sahihi iliyowekwa na mkurugenzi ambaye Machi hakuwa bado ameteuliwa. Kurudisha tarehe nyuma ni hatari kuliko kukosa hati. Aliyesahau kuandika Machi aandike leo kwa tarehe ya leo, aseme wazi kwamba anathibitisha pesa iliyochukuliwa Machi, kisha aanze kulipa. Itakuwa hati dhaifu zaidi, lakini ni ya kweli na inaweza kutetewa.

Kwa maduka yetu tatizo kubwa zaidi huenda si ule uhamisho wa milioni. Ni zile 3,000 za karo, 1,500 za mafuta ya gari la nyumbani na 8,000 za mchango wa harusi zinazotoka kwenye M-Pesa ya kampuni wiki baada ya wiki. Hakuna atakayeandika hati kwa kila moja. Kinachowezekana ni jedwali la mwezi lenye tarehe, kiasi, sababu na jumla, likasainiwa mwisho wa mwezi chini ya azimio moja lililoweka kikomo cha deni zima. Kikomo kikifikiwa, kuchukua kunasimama mpaka salio lishuke.

Maneno ya kuogopa kuliko yote kwenye hati ya namna hii ni "nitalipa nitakapoweza". Sheria ya Ukomo wa Kesi ya Kenya inatoa miaka 6 kudai deni la mkataba, na deni lisilo na tarehe ya kulipwa huzua ubishi kuhusu miaka hiyo ilianza lini. Malipo ya sehemu, au barua ya kulikiri deni yenye sahihi, huufanya muda uanze upya. Kwa hiyo ni vizuri mkurugenzi asaini uthibitisho wa salio kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Kampuni ikifilisika, mfilisi atazipekua karatasi hizi kabla ya kitu kingine, kwa sababu deni la mkurugenzi ni mali ya kampuni, na wauza saruji na benki wanaoidai kampuni watataka lilipwe. Utetezi kwamba "kampuni ni yangu" hautasikilizwa hapo.

Awamu ya kumi na mbili ikiingia, hati haichanwi. Inaandikwa "imelipwa yote", inawekewa tarehe na sahihi zilezile mbili, na inabanwa pamoja na taarifa za benki zinazoonyesha malipo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka 5, na hati hii inahesabiwa miongoni mwazo.