Majike 62 Bila Wachumba

Mwaka 1996, mwanabiolojia Jane Brockmann alichapisha utafiti wake kuhusu kaa wa kwato ya farasi wa Florida, viumbe wanaoitwa kaa ingawa ujamaa wao wa karibu ni kwa nge na buibui. Jike hupanda ufukweni kutaga akiwa na dume mmoja aliyemng'ang'ania mgongoni. Madume wengine huja kumzunguka, wakivizia nafasi ya kurutubisha mayai. Takwimu hizo zina majike 173, na swali ni moja: je, jike mpana huvutia madume wengi zaidi wa ziada?

Mstari wa kawaida wa kukadiria haufai hapa, maana kwa jike mwembamba unaweza kutoa jibu la madume chini ya sifuri. Regresheni ya Poisson huupitisha mstari kwenye logi ya wastani, hivyo makadirio hayashuki chini ya sifuri kamwe:

```
log(wastani) = -3.305 + 0.164 × upana
```

Jike wa sentimita 25 anatarajiwa kuwa na madume 2.2 hivi, wa sentimita 30 madume 5. Kila sentimita moja huongeza wastani kwa asilimia 18.

Lakini Poisson ina sharti gumu: variansi lazima ilingane na wastani. Kwa majike hawa wote kwa pamoja, wastani ni 2.9 na variansi 9.9. Kwa wastani huo, Poisson ingetarajia majike kama 9 tu wasio na dume wa ziada. Waliokosa kabisa walikuwa 62!

Hata hivyo, huenda upana wenyewe ndio uliotawanya hesabu hizo, kwa hiyo kipimo cha haki hufanywa baada ya kuuingiza. Kwa kila jike, toa idadi iliyotarajiwa kutoka ile iliyoonekana, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha gawanya kwa iliyotarajiwa. Jumlisha yote, ugawanye kwa 171, yaani majike 173 kutoa namba mbili za mstari zilizokadiriwa. Jibu lingepaswa kukaribia 1. Hapa ni 3.18. Mtawanyiko umepindukia. Pengine madume hufuatana wao kwa wao, au hali ya gamba la jike, ambayo upana hauisemi, ina sauti yake.

Ile 0.164 haibadiliki. Kinachodanganya ni uhakika wetu: kosa sanifu la 0.020 huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 3.18, likawa 0.036. Ongezeko tulilodhani liko kati ya asilimia 13 na 23 sasa linaweza kuwa popote kati ya 10 na 26. Upana bado una uzito. Kigezo dhaifu zaidi kingeanguka.

Marekebisho hayo hupanua mipaka tu, hayaelezi sifuri zile. Modeli ya binomiali hasi, inayoruhusu variansi kuzidi wastani, hutarajia majike wapatao 50 wasio na madume wa ziada. Wale 12 waliosalia hawatoshi, kwa maoni yangu, kuhalalisha modeli nyingine ngumu zaidi.